Ninunue sasa au nisubiri? Kisa cha mashine moja wakati sarafu inashuka

Kisa hiki ni cha kweli na mwenyewe ameridhia kiandikwe. Jina lake, mahali alipo na majina ya wauzaji yameondolewa. Kiasi cha fedha nacho kimegeuzwa: bei ya mashine siku alipoiulizia kwa mara ya kwanza nimeiita 100, na tarakimu nyingine zote zimepimwa kwa hiyo. Akiba ya 72 maana yake ni kwamba alikuwa na fedha zinazotosha asilimia 72 ya bei ya mashine. Msomaji anaweza kuweka fedha yake mwenyewe mahali pa tarakimu hizo na hesabu ikabaki ileile.

Usuli

Mwenye kisa ni mama anayeendesha karakana ndogo ya ushonaji. Anashona sare za shule na za kazini, na karibu kila oda inataka nembo iliyodariziwa kifuani. Mashine ya kudarizi hakuwa nayo, kwa hiyo nguo zilizokwisha kushonwa alizipeleka kwa fundi mwingine na kulipa kwa kila nembo. Mashine aliyoitaka ni ya kompyuta, yenye kichwa kimoja, na hutoka nje ya nchi.

Alinijia kuomba ushauri akiwa na wasiwasi mkubwa. Katika miezi 6 iliyotangulia dola ilikuwa imepanda kwa asilimia 12 dhidi ya sarafu ya nyumbani, na kila aliyezungumza naye alimwambia bei zitapaa. Mkononi alikuwa na 84. Kati ya hizo, 12 zilikuwa fedha ya mzunguko, yaani za vitambaa, mishahara na kodi ya pango. Zilizobaki, 72, ndizo zilikuwa akiba ya mashine, nazo zilikaa kwenye akaunti ya muda maalumu yenye riba ya asilimia 7 kwa mwaka. Kila mwezi aliweza kuongeza 4.

Alikuwa na mambo matatu kichwani kwa wakati mmoja: mashine, gari dogo la kupelekea mizigo, na nyuzi za kutosha miezi mingi. Yote matatu aliyaweka chini ya swali moja: ninunue sasa kabla fedha yangu haijayeyuka, au nisubiri?

Maswali aliyouliza na majibu aliyopewa

Swali: Dola imepanda asilimia 12, lakini duka moja limeongeza bei ya mashine kidogo tu. Mbona?

Jibu: Kwa sababu mbili. Ya kwanza ni mzigo wa zamani. Mashine iliyoko ghalani leo ililipiwa kwa dola ya zamani, na muuzaji anaweza kuiuza karibu na bei ya zamani bila kupata hasara. Ila akijua kwamba mzigo ujao utamgharimu zaidi, ataanza kupandisha bei hata ya ule alionao, maana fedha atakayopata leo ndiyo atakayoagizia kesho. Kwa hiyo nafuu ya mzigo wa zamani huwa ya muda mfupi, na urefu wake unategemea wingi wa mzigo na hofu ya muuzaji.

Sababu ya pili ni kwamba bei ya dukani haijatengenezwa kwa dola tupu. Ndani yake mna bei ya kiwandani, usafiri wa meli na bima, ambavyo hulipwa kwa dola. Ushuru wa forodha nao hukokotolewa kwa thamani hiyo baada ya kugeuzwa kuwa fedha ya nyumbani, kwa hiyo dola ikipanda ushuru unapanda nayo ijapokuwa asilimia yake haijabadilika. Halafu kuna pango la duka, mishahara, usafiri wa ndani na faida ya muuzaji, na hivi havifuati dola moja kwa moja. Kwa mashine hii, kwa kadiri muuzaji alivyokubali kutueleza, sehemu inayofuata dola ilikuwa karibu 63 katika kila 100.

Kabla dola haijaanza kupanda mashine iliuzwa 96. Dola ikipanda asilimia 12, na sehemu inayoifuata ikiwa 63 katika 100, bei inapaswa kupanda kwa takriban asilimia 7.5 na kufika 103. Dukani bado ilikuwa 100. Tofauti hiyo ya 3 ndiyo nafuu ya mzigo wa zamani. Ipo kweli, ila si kubwa kama hofu ilivyomwonyesha.

Swali: Nitajuaje kwamba huo mzigo ni wa zamani kweli, na si maneno ya muuzaji?

Jibu: Omba kuona boksi. Kibandiko cha mashine kina namba ya utambulisho na mara nyingi mwaka wa kutengenezwa. Uliza zimebaki ngapi na mzigo ujao unafika lini. Halafu uliza maduka mengine mawili kuhusu mashine hiyohiyo, kwa jina la modeli na si kwa maelezo ya jumla.

Alifanya hivyo na akarudi na profoma tatu, yaani karatasi za bei kutoka kwa wauzaji. Duka la kwanza lilitaka 100, mashine mbili ziko ghalani, na chini ya karatasi kuliandikwa kuwa bei inadumu siku 7. La pili lilitaka 108. Mzigo wake ulikuwa umeingia karibuni. La tatu lilitaka 97, lakini kwa kuagiza: itafika baada ya wiki 10, na kwa herufi ndogo karatasi ilisema malipo yatafanywa kwa kiwango cha dola cha siku ya kuchukua mzigo.

Profoma ya tatu ilimvutia sana. Nilimwomba asome tena ule mstari mdogo. Duka la kwanza likiuza 100, hatari ya dola imekwisha siku unapolipa. Duka la tatu likiuza 97 kwa masharti yale, hatari yote ya wiki 10 inabebwa na mnunuzi. Dola ikipanda asilimia 6 tu katika muda huo, 97 inageuka karibu 103, na wakati huo ameshatoa amana ambayo hawezi kurudishiwa. Ukipewa bei wakati sarafu inayumba, uliza kwanza nani anabeba mabadiliko kuanzia leo hadi siku ya kukabidhiwa, ndipo uangalie tarakimu.

Swali: Si bora basi ninunue dola na kuzishika?

Jibu: Kuna gharama mbili zinazosahaulika. Dirisha la kubadilishia fedha linakuuzia dola kwa bei moja na kuinunua kwako kwa bei ya chini zaidi, na soko likiwa na wasiwasi pengo hilo hupanuka. Siku ile pengo lilikuwa karibu asilimia 4. Gharama ya pili ni riba ya akaunti ya muda maalumu ambayo ataipoteza, karibu 3 kwa miezi 7. Dola ingehitaji kupanda kwa asilimia kama 8 katika miezi hiyo ili atoke sawasawa, kabla ya kupata senti ya faida. Kushika dola kuna maana kwa mtu mwenye deni au ada atakayolipa kwa dola. Yeye alikuwa analipa kwa fedha ya nyumbani.

Swali: Nikikopa hizo 28 zilizopungua, sitakuwa nimekimbia bei nikaangukia riba?

Jibu: Hilo ndilo swali lenyewe, na linahesabika. Chama cha akiba na mikopo alichokuwa mwanachama kilimpa 28 kwa asilimia 18 kwa mwaka, riba ikikokotolewa kwa deni lililobaki, miezi 10, bila kubadilika hadi mwisho. Riba yote ilikuwa kama 2.3, na ada pamoja na bima zikaifikisha karibu 2.6. Nilisisitiza apate kwa maandishi kwamba riba haibadiliki. Sarafu ikishuka sana benki kuu mara nyingi hupandisha riba yake, na mikopo yenye riba inayobadilika hufuata. Mtu aliyekopa ili kuukimbia upandaji wa bei anaweza kukuta marejesho yamepanda katikati ya safari.

Hesabu ya kuamua

Kusubiri kulimaanisha miezi 7, maana 28 kwa 4 kila mwezi ni miezi 7. Katika miezi hiyo akiba ya 72 ingezaa karibu 3. Akinunua sasa anaikosa hiyo 3 na analipa 2.6 za mkopo. Jumla 5.6. Kwa hiyo, tukitazama bei peke yake, kununua mapema kunamfaa ikiwa mashine itapanda zaidi ya asilimia 5.6 ndani ya miezi 7. Ikipanda chini ya hapo, kusubiri ni bora.

Watu wengi huishia hapa, na kwa sababu hiyo hubishana bila mwisho juu ya mahali dola itakapokuwa. Sisi tuliongeza mstari mmoja: mashine itafanya nini katika miezi hiyo 7? Alileta daftari la malipo ya nembo. Kwa wastani alikuwa akimlipa fundi wa nje 3.1 kila mwezi. Akidarizi mwenyewe atatumia umeme, nyuzi, sindano, kitambaa cha kuimarisha upande wa nyuma na saa za mfanyakazi, vyote pamoja karibu 1.1. Inabaki 2 kila mwezi, yaani 14 kwa miezi 7, kutokana na kazi ambazo tayari anazo. Oda mpya tulizoziota hatukuzihesabu hata moja.

Baada ya hapo tulijaribu hali mbaya. Tuseme sarafu inapata nguvu na bei ya mashine inashuka hadi 92. Aliyenunua sasa amepoteza 8 za bei na 5.6 za riba, jumla 13.6. Mashine imemletea 14. Hata hapo anatoka bila jeraha, ingawa kwa unywele. Bei ikibaki 100 anafaidi 8.4. Ikifika 112 anafaidi zaidi ya 20. Tukaona kwamba uamuzi haungojei utabiri wa dola, na hilo lilinituliza kuliko utabiri wowote, maana sijawahi kumwona mtu anayeijua dola ya miezi 7 ijayo.

Gari tulilipima kwa kipimo hichohicho, nalo likatoa jibu la kinyume. Bei yake ilikuwa 260. Angehitaji mkopo wa 200 kwa asilimia 22 kwa miaka 3, na riba yake yote ingekuwa kama 75. Mwaka wa kwanza peke yake ungekula karibu 39, sawa na gari kupanda bei kwa asilimia 15. Na kazi yake? Kwa mwezi mzima alikuwa akimlipa mpanda pikipiki 1.2 kupeleka mizigo, fedha ambazo mafuta na bima ya gari zingezimaliza. Kuogopa kwamba gari litapanda bei hakukutosha kulifanya lihitajike.

Uamuzi

Siku ya tano ya zile siku 7 za profoma, alinunua mashine duka la kwanza kwa 100. Alitoa 72 za akiba na 28 za mkopo, na 12 za mzunguko tukakubaliana zisiguswe. Gari aliliacha. Kuhusu nyuzi tulikubaliana anunue za miezi 2, za rangi zile ambazo nembo za wateja wake wa kudumu zinazitumia.

Hilo la nyuzi halikufuatwa. Wiki mbili baadaye msambazaji alimwambia bei inapanda Jumatatu na akampa punguzo la asilimia 5 akichukua nyingi. Alinunua nyuzi za miezi 8 kwa 9, kutoka kwenye zile 12 za mzunguko.

Kilichotokea

Dola iliendelea kupanda, na mwezi wa tano ilikuwa juu kwa asilimia 9 kuliko siku ya ununuzi. Duka la kwanza lilipopokea mzigo mpya liliweka 109. Tukirudi kwenye ile hesabu ya sehemu 63 katika 100, hiyo ndiyo bei iliyotarajiwa: dola kwa jumla ilikuwa imepanda kama asilimia 22 tangu mashine ilipouzwa 96, na 96 ikiongezewa asilimia 14 inakaribia 109.

Kisha sarafu ikapata nguvu. Kufikia mwezi wa saba dola ilikuwa imeshuka asilimia 6 kutoka kileleni, kiasi kwamba ilikuwa juu ya siku ya ununuzi kwa asilimia 2.5 tu. Kwa hesabu ileile mashine ilipaswa kurudi 105. Dukani ilikuwa 107. Wauzaji hawana haraka ya kushusha: mzigo walio nao waliulipia kwa dola ya juu, na hawana hakika kwamba nafuu itadumu.

Kwa mashine ya kuagiza, mtu aliyeichukua wiki ya kumi alilipa karibu 103, si 97. Na kama angeshika dola, ile asilimia 2.5 isingefidia hata pengo la dirishani.

Karakanani mambo hayakwenda kama karatasi. Mwezi wa kwanza mashine haikuokoa chochote. Alikuwa bado anajifunza kubana kitambaa kwenye fremu kisilegee, nembo zilitoka zimevutika upande mmoja, na zile za haraka aliendelea kumpelekea fundi wa nje. Mwezi wa pili aliokoa 1. Kuanzia wa tatu akafika 2. Mwezi wa nne mashine iliacha kukamata uzi wa chini, na ijapokuwa ilikuwa ndani ya waranti, kipuri kilichukua siku 9 kufika. Kazi za siku hizo zilingoja, ila wateja hawakuondoka. Kwa jumla ya miezi 7 ilimwokolea 11, si 14.

Nyuzi nazo: rangi tatu zilitembea, nyingine zikakaa rafuni. Mwezi wa tatu kodi ya pango ilifika pamoja na rejesho la mkopo na mishahara, na kwenye mzunguko hakukuwa na kitu. Alilipa pango wiki tatu baada ya tarehe, na akakataa oda moja ya sare kwa sababu hakuwa na fedha ya kununulia kitambaa.

Uchambuzi

Ukiangalia matokeo kwa juujuu utasema alinunua mapema akaikwepa bei ya 107, kwa hiyo hofu ilikuwa na haki. Tuitenganishe hiyo. Bei ilimwokolea 7. Riba aliyolipa na riba aliyoikosa zilimgharimu 5.6. Alichopata kwa kuiwahi dola ni 1.4, kiasi kidogo ambacho siku 9 nyingine za kungoja kipuri zingekula karibu nusu yake. Faida iliyobaki, 11, ilitoka kwenye nembo. Angekuwa amenunua kitu cha thamani ileile kisichofanya kazi, kwa mkopo uleule, miezi 7 ya sarafu kushuka ingemwachia 1.4. Ndiyo maana swali la kazi ya kitu linapaswa kutangulia swali la sarafu.

Kilichofanya kazi vizuri zaidi ni ule utaratibu wa kupima hali mbaya kabla ya kuamua. Ulimwezesha kununua bila kubahatisha. Lakini ndani yake mlikuwa na udhaifu ambao matokeo mazuri yanaweza kuuficha. Ile 14 ilidhani mashine itafanya kazi kamili tangu siku ya kwanza. Kwa 11 iliyopatikana kweli, kama bei ingeshuka hadi 92, angekuwa na hasara ya 2.6. Kwa mashine yoyote inayohitaji kujifunzwa, mwezi wa kwanza uandikwe sifuri na wa pili nusu; hapa ingetoa 11 kamili, na mpaka wa usalama ungeonekana ulipo: bei ingeweza kushuka hadi karibu 94.6 na si chini ya hapo.

Je, bei kushuka namna hiyo ni jambo la kufikirika tu? Hapana. Desemba 2014 rubli ya Urusi iliporomoka hadi dola moja ikafika karibu rubli 80 katikati ya siku, siku ileile benki kuu ilipokuwa imepandisha riba kutoka asilimia 10.5 hadi 17. Watu walikimbilia madukani kununua televisheni na majokofu, wengine zaidi ya walivyohitaji. Kufikia majira ya kuchipua ya 2015 dola ilikuwa imerudi karibu rubli 50. Lira ya Uturuki nayo ilivuka 18 kwa dola tarehe 20 Desemba 2021, na siku chache baadaye ilikuwa chini ya 12. Lakini kabla ya mwaka 2022 kwisha ilikuwa imerudi juu ya 18. Sarafu ikianguka kwa kasi mara nyingi hupita mahali inapostahili kutulia kisha hurudi kidogo, na wakati mwingine huanguka tena. Aliyenunua kwenye kilele cha hofu hununua kwa bei ya hofu.

Nyuzi ndizo zilizomuumiza, na sababu inafaa kuelezwa kwa upole, maana kosa lenyewe linafanana sana na busara. Punguzo lilikuwa la kweli. Bei ya nyuzi ilipanda kweli, karibu asilimia 6. Kwa nyuzi za 9, punguzo na upandaji huo kwa pamoja vilimpa nafuu ya karibu 1, na nusu yake ilikaa rafuni katika rangi zisizotakiwa. Oda moja aliyoikataa ilikuwa na faida kubwa kuliko hiyo. Fedha ya mzunguko nayo ni chombo cha kazi kama mashine. Ikigeuzwa bidhaa ya kuhifadhi, karakana inasimama hata kama rafu zimejaa. Kwa vitu vinavyotumika na kwisha, kipimo chake kiwe kasi ya matumizi: nunua kile kitakachoisha kabla hujahitaji hiyo fedha kwa jambo lingine, na kwa aina zile tu ambazo daftari linaonyesha zinatoka.

Alichofanya vema, na ambacho wengi hawafanyi, ni kukataa kuyaweka manunuzi matatu kwenye kapu moja. Sarafu ilikuwa ileile, wiki ileile, mtu yuleyule, na jibu likawa nunua kwa mashine, acha kwa gari, na kidogo tu kwa nyuzi.

Mipaka ya kisa hiki

Hesabu hii inafaa pale bei zinapopanda kwa asilimia chache kwa robo mwaka na benki bado inalipa riba inayokaribia mwendo huo. Mahali ambapo bei zinapanda asilimia kadhaa kila mwezi, akiba ya benki inapungua nguvu haraka na mstari wa kusubiri unakuwa mfupi sana. Hata hivyo, riba ya mkopo nayo huwa juu huko, na swali la kazi ya kitu halifutiki.

Pia kisa kinamhusu mtu aliyekuwa na kazi tayari na daftari la kuithibitisha. Mtu asiye na oda, anayetarajia kuzipata baada ya kununua, hana ile 11. Kwake inabaki ile 1.4 ya bei, na hiyo inaweza kuwa hasara mwezi wowote dola ikigeuka.

Na kuna sharti moja lililosaidia bila kuonekana: duka la kwanza lilikuwa na mashine ghalani. Bila hizo mbili, chaguo lingekuwa 108 leo au ile ya kuagiza yenye dola ya siku ya kuchukua. Kwa 108, ile nafuu ya mzigo wa zamani ingekuwa imekwisha, na kusubiri kungeshindana vizuri zaidi.

Swali la mwisho

Mwezi wa nane, mkopo ukiwa umebakiwa na marejesho mawili, alirudi. Duka lilikuwa limemwambia kwamba 107 haitadumu, dola imeanza kupanda tena, na mashine ya pili angeipata kwa mkopo wa muuzaji mwenyewe. Akauliza kama wakati ule: Ninunue sasa au nisubiri?

Nilimwomba afungue daftari ukurasa wa malipo ya fundi wa nje. Ulikuwa mtupu tangu mwezi wa tano. Mashine aliyonayo ilikuwa ikifanya kazi saa 5 kwa siku. Mashine ya pili isingeokoa hata senti mpaka ya kwanza ijae, na saa 5 hazijaijaza. Aliacha profoma mezani, akaniuliza badala yake namna ya kupanga bei ya nembo kwa wateja wa nje ili zile saa zilizobaki zipate kazi.